Tupeane uzoefu: karani wa ofisi aanze na kipi kwenye Excel ili thamani yake ipande?

Karani wa Ilala
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye ofisi ya SACCOS ya wafanyakazi. Naingiza malipo ya wanachama, natunza risiti, na kila mwisho wa mwezi natoa orodha ya wadaiwa. Excel naijua ya kuandika na kujumlisha tu. Nimeona kozi mbili hapa mjini, moja inaanza na VLOOKUP, fomula ya kutafuta kitu kwenye orodha, na nyingine na makro, zile amri zinazojiendesha zenyewe. Sitaki kumeza vyote kwa mkupuo halafu nisikumbuke hata kimoja. Nyie mlioanza kama makarani mkapandishwa, mlianza na kipi, kikafuata kipi? Naomba yaliyowakuta kazini.

Fundi Makro
Usipoteze muda, nenda kwenye makro moja kwa moja. Ofisini kwetu kuna ripoti iliyokuwa inakula asubuhi nzima, sasa nabonyeza kitufe nakwenda kunywa chai. Bosi ananiita "mtaalamu".

Mama Hesabu
Fundi, siku mtu akichomeka kolamu moja katikati ya shiti lako tutakuona ukirudi mezani na chai yako.

Karani, mimi nimekuwa mhasibu kwa muda mrefu, na makarani wengi wamepita mikononi mwangu. Wale waliopanda haraka hawakuwa na fomula nyingi. Walikuwa na orodha safi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina hata fomula: malipo moja mstari mmoja, tarehe kolamu yake, namba ya mwanachama kolamu yake, kiasi kolamu yake. Usiunganishe seli ili kichwa kipendeze, usiache mistari mitupu katikati, na usiandike "50,000 (kwa mkopo)" ndani ya seli ya kiasi, maana hapo umeshaigeuza kuwa maneno na haitajumlishwa. Vichwa viwe vifupi, Tarehe, Namba na Kiasi. Ukimaliza bonyeza Ctrl+T, orodha iwe Table, uipe jina, mfano Malipo. Kuanzia hapo mistari mipya inaingia kwenye hesabu yenyewe.

Halafu kuna namba ndefu. Excel inatunza tarakimu 15 tu za namba, na namba ya NIDA ina tarakimu 20. Ukiibandika bila vistari kwenye kolamu ya kawaida, tano za mwisho zinageuka sifuri. Kubadilisha kolamu kuwa Text baada ya hapo hakurudishi kitu, zimeshapotea. Weka Text kwanza, ndipo ubandike. Nilipokea daftari zima la wanachama ambalo kila NIDA iliishia na sifuri tano, na karani aliyeliandaa alikuwa ameshachana fomu za karatasi. Ilibidi wanachama wapigiwe simu mmoja mmoja.

Dogo wa Mbeya
Dada umesema kweli. Mimi yaliyonikuta ni ya tarehe. Nilichukua stetimenti kwenye tovuti ya benki, nikaona tarehe nyingine zimekaa kushoto mwa seli na nyingine kulia. Dawa yake ni rahisi, unachagua kolamu nzima unakwenda Format Cells unaweka Date.

Mama Hesabu
Hapo umepatia nusu, mdogo wangu. Kuona kwamba zimekaa pande mbili ndiyo kazi yenyewe, wengi hawaoni kabisa. Ila Format Cells inabadilisha sura tu. Iliyokaa kushoto ni maandishi, na itabaki maandishi.

Na mbaya zaidi ni zile zilizokaa kulia, zinazoonekana nzuri. Kompyuta yako pengine imewekwa kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Stetimenti ikiwa na 15/04/2025, Excel haioni mwezi wa 15, inaiacha kama maandishi. Lakini 03/04/2025 inaipokea na kuifanya tarehe 4 Machi. Malipo ya Aprili yamehamia Machi na hakuna alama yoyote ya kosa. Funga faili bila kuhifadhi, badilisha mpangilio wa Windows uwe siku kwanza, kisha fungua upya faili lilelile la CSV ulilopakua benki.

Bahati wa Bukavu
Jambo wandugu. Mimi nilijifunza kwa video za Watanzania, nikaandika fomula vilevile, Excel ikakataa. Nilidhani programu imeharibika. Kumbe kompyuta ya ofisi yetu ni ya Kifaransa: hatutumii mkato kati ya sehemu za fomula, tunatumia nukta mkato, na majina ni mengine. SUMIFS kwetu ni SOMME.SI.ENS, VLOOKUP ni RECHERCHEV. Kama kuna mwenzangu Goma au Bujumbura anahangaika, aangalie hapo kwanza. Faili lenyewe ukimtumia mtu mwenye Excel ya Kiingereza linajigeuza, hana shida.

Mdau wa Tanga
Mimi sielewi. SACCOS kwa nini isinunue programu ya uhasibu? Excel ni ya nini siku hizi?

Karani wa Ilala
Mkuu, programu ipo. Ila mwenyekiti akitaka kujua nani hajalipa tangu Januari, natoa data kwenye programu naipeleka Excel. Ndipo ninapokwama. Mama Hesabu, orodha nimeelewa. Sasa nikishaisafisha niende VLOOKUP?

Mama Hesabu
Hapana, nenda SUMIFS. Hapa ndipo natofautiana na kozi nyingi. VLOOKUP inaleta mstari wa kwanza inaoukuta na kuishia hapo. Chukua kazi yako yenyewe. Mwanachama M-0147 anatakiwa kulipa 50,000 kwa mwezi. Amelipa 30,000 tarehe 5 na 20,000 tarehe 22. VLOOKUP itakuletea 30,000, na wewe utamwandika mdaiwa wa 20,000. Atakuja ofisini na risiti zake mbili, na ana haki ya kupiga kelele. Daftari la wanachama nalo ligeuze Table, ulipe jina Wanachama, namba zikae kolamu A chini ya kichwa Namba, kisha kwenye kolamu mpya weka hii:

```
=SUMIFS(Malipo[Kiasi],Malipo[Namba],A2)
```

Itajumlisha yote mawili, upate 50,000. Ukitaka mwezi mmoja tu, unaongeza masharti mawili ya tarehe kwenye fomula hiyohiyo. Sasa unaona kwa nini tarehe zilizokaa kushoto zinatuumiza: sharti la tarehe linaziruka kimyakimya, na pesa zake hazihesabiwi.

Kisha lipo jambo ambalo ndilo lilimpandisha karani wangu mmoja. Alijifunza kuhakiki jumla kabla ya kuprinti. Tuseme jumla ya kolamu ya Kiasi kwenye Malipo ni 8,640,000, sawa na stetimenti ya benki. Ukijumlisha ile kolamu ya SUMIFS kwenye daftari la wanachama unapata 8,590,000. Kuna 50,000 iliyoingia benki lakini haina mwenyewe. Usitafute kwa macho. Kwenye Table ya Malipo ongeza kolamu moja:

```
=COUNTIF(Wanachama[Namba],[@Namba])
```

Weka filta uone penye sifuri. Utakuta mtu ameandika M147 badala ya M-0147, au kuna nafasi tupu mwishoni isiyoonekana. Ya nafasi utaijua kwa LEN: M-0147 ina herufi 6, ikikuambia 7 basi kuna kitu kimejificha, na TRIM inakiondoa. Karani yule alikuwa analeta orodha ya wadaiwa na chini yake ameandika kwamba jumla zinalingana, na kama hazilingani ameandika tofauti ni ya nani. Meneja aliacha kurudia hesabu zake. Baada ya hapo akahamishiwa mikopo.

Tahadhari moja kwenye COUNTIF: usiitumie kutafuta NIDA zilizojirudia kama hazina vistari. Hata ukiwa umeziweka Text, inazisoma kama namba, kwa hiyo inalinganisha tarakimu 15 za mwanzo tu. Watu wawili tofauti wanaweza kuonekana mmoja.

Njoki wa Nakuru
Naomba kupinga kidogo. Kwangu kilichofungua mlango ni PivotTable, na niliijua kabla ya SUMIFS. Nilikuwa karani wa ankara kwa msambazaji wa bidhaa za dukani. Siku moja mkurugenzi aliuliza mkutanoni, njia gani ya gari inaleta pesa kidogo kuliko nyingine zote. Watu walikuwa wanatafuta kalamu. Mimi nilikuwa na ankara za mwaka mzima kwenye shiti moja, nikavuta njia upande huu, miezi upande ule, jumla katikati. Jibu likatoka wakiwa bado wameketi. Kuanzia siku hiyo nilikuwa naitwa kwenye mikutano. Sikuandika fomula hata moja.

Mama Hesabu
Njoki, kisa kizuri, nami sikatai. Lakini tazama ulichosema: ankara za mwaka mzima kwenye shiti moja. Wengi wana shiti la Januari, shiti la Februari, kila moja na vichwa vyake. Hao PivotTable itawakataa mlangoni. Na kama tarehe zimechanganyika na maandishi, haitakubali kuzipanga kwa miezi. Pia kwenye Excel nyingi haijisasishi yenyewe kama fomula, lazima ubonyeze Refresh. Nimeona mtu anasoma takwimu za wiki iliyopita mbele ya bodi.

Njoki wa Nakuru
Refresh kweli, hiyo imewaumiza wengi. Ila bado nasema kwa karani anayeulizwa maswali mapya kila siku, PivotTable itangulie. SUMIFS ni ya ripoti isiyobadilika sura.

Mama Hesabu
Basi Karani aangalie kazi yake. Ya kwake haibadiliki sura, ni wadaiwa kila mwezi. VLOOKUP na ndugu zake zije baadaye, anapohitaji kuleta jina au idara ya mwanachama, kitu ambacho kipo mara moja tu kwenye orodha. Na aandike FALSE mwishoni, la sivyo inaweza kuleta jina la jirani. XLOOKUP ni nzuri zaidi, lakini inahitaji Excel 2021 na kuendelea, au Microsoft 365. Ukimtumia mwenye Excel 2016 haitakokotoa.

Fundi Makro
Sawa mama, nimekubali makro si ya kwanza. Kweli kuna mtu alichomeka kolamu mwezi uliopita. Lakini mshahara wangu uliongezeka kwa makro, hilo siwezi kulificha.

Dogo wa Mbeya
Mimi mshahara haukuongezeka. Waliniongezea kazi za wenzangu wawili. Niliupata nilipohamia ofisi nyingine, kwenye usaili walinipa faili chafu na nusu saa. Hawakuuliza cheti.

Karani wa Ilala
Asanteni sana. Kozi ya makro naiacha kwanza. Kesho naanza na Table na tarehe. Swali la mwisho: programu yetu inanitolea faili moja kila mwezi, nayabandika yote kwa mkono kupata mwaka mzima. Kuna njia? Kompyuta ina Excel 2016.

Njoki wa Nakuru
Ipo. Weka mafaili yote kwenye folda moja, kisha Data, New Query, From File, From Folder. Hiyo ni Power Query, kwenye 2016 imo ndani tayari. Inayaunganisha, na mwezi ujao unatupia faili jipya kwenye folda unabonyeza Refresh. Sharti vichwa vya kolamu viwe na majina yaleyale kila mwezi. Ukikwama leta hapa picha ya vichwa hivyo, ila ufiche majina ya wanachama.