Wastani wa mwinuko Lushoto unatoka hasi, na mji umezuka katikati ya mashamba

Mche_wa_Mnazi: Wakuu, nimekata rasta ya mwinuko ya SRTM kwa mpaka wa wilaya ya Lushoto. QGIS inasema kiwango cha chini ni -32768 na wastani ni hasi 12 elfu na kitu. Pia ramani ya aina za ardhi, ESA WorldCover, nimeipeleka kutoka pikseli za mita 10 hadi 30 kwa Bilinear ili zilingane. Sasa naona alama 50, yaani majengo, pembezoni mwa mashamba ambako hakuna hata kibanda. Nifanyeje?

Babu_Ramani: Tumia Fill nodata, itaziba mashimo yote.

Kibo77: Mkuu, hana mashimo. Hizo ni pikseli za nje ya mpaka. Geuza zote ziwe 0 kisha itangaze 0 kuwa NoData, umemaliza.

Fundi_Pikseli: Kwa Lushoto 0 itapita kwa sababu ni milimani. Ukifanya hivyo Pangani, fukwe halisi zenye mwinuko 0 zitafutika pamoja na takataka. Ya nini kugusa namba? Faili halijaambiwa tu kwamba -32768 ni pengo. Kama pikseli 40 kati ya 100 ziko nje, na za ndani zina wastani wa mita 1,200, hesabu inatoka -12,387. Futa kwanza `mwinuko.tif.aux.xml`, maana humo takwimu za zamani hubaki na utadhani hakuna kilichobadilika.

```
gdal_edit.py -a_nodata -32768 mwinuko.tif
gdalinfo -stats mwinuko.tif
```

Ila kama rasta hiyo ulishaipitisha kwenye Bilinear kabla ya kutangaza, rudi kwenye faili la awali. Ukingoni -32768 imeshachanganyika na 1,200, zimezaliwa namba kama -15784, na hizo hakuna tangazo litakalozinasa.

Mche_wa_Mnazi: Aisee, niliipitisha. Naanza upya. Na huo mji?

Fundi_Pikseli: Shamba ni 40, ardhi tupu ni 60. Bilinear imechukua wastani, ikapata 50. Afadhali ingetoa 47, ungeshtuka mapema. Bilinear iache kwenye mwinuko. Ardhi ipeleke hivi:

```
gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 30 30 -r mode ardhi.tif ardhi30.tif
```

Kibo77: Si wote husema `near`?

Fundi_Pikseli: `near` haizushi alama mpya, kwa hilo ni salama. Lakini hapa pikseli tisa zinakuwa moja, nayo inaokota moja na kuacha nane. `mode` inachukua iliyo nyingi.

Dada_Mvua: Mimi CHIRPS ilinipa mvua ya -9999 baharini, nikajua tu ni pengo. Ila `mode` ilinimezea vijito vyote vyembamba, nikarudi `near`.

Fundi_Pikseli: Kweli dada, vyembamba huliwa. Na `near` inavikatakata. Kama unachotaka ni eneo la kila aina, hesabu kwenye mita 10 usibadilishe chochote.

Mche_wa_Mnazi: Nahitaji mteremko kwa kila aina ya ardhi, lazima zilingane.

Kibo77: Basi ipeleke rasta ya mwinuko kwenye pikseli za mita 10.

Fundi_Pikseli: Zitalingana, ila mteremko utabaki ule ule wa mita 30 uliolainishwa. Mimi ningebaki 30.