Tiketi ya Dar–Moshi, Desemba 23: ofisi ya Magufuli, Shekilango au simu?

Mchagga_Tabata: Tunasafiri watu wanne na tunataka kukaa pamoja. Ipi ni salama zaidi: kukata ndani ya stendi ya Magufuli pale Mbezi, kwenye ofisi za Shekilango, au mtandaoni?

Kondakta_Mstaafu: Kwa watu wanne, Shekilango, na msisubiri wiki ya sikukuu. Pale unakaa mbele ya karani, anakuonyesha viti vilivyobaki, na hakuna mtu anayekushika mkono. Mbezi shida inaanzia getini. Mpiga debe anakupokea begi, anakuambia basi ulilotaja limejaa, kisha anakupeleka kwa "ofisi" ya mtu mwenye kitabu cha risiti. Usimtajie kampuni wala unakoenda. Ingia moja kwa moja mpaka dirisha lenye jina la kampuni.

Neema88: Tiketi ikitoka kwenye mashine huwezi kutapeliwa. Feki ni zile za kuandikwa kwa mkono.

Kondakta_Mstaafu: Nusu yake ni kweli, Neema. Ya mkono ikatae. Lakini ya mashine nayo inaweza kuwa halali na isikufae: tarehe ni ya kesho, imeandikwa jina la mtu mwingine, au inaishia Korogwe wakati umelipa nauli ya Moshi. Isome kabla hujaondoka dirishani: jina, tarehe, saa, kituo cha kushukia, namba ya kiti, namba ya basi, na kiasi. Kikiandikwa kiasi pungufu ya ulichotoa, tofauti imebaki mfukoni mwa mtu, na basi likiharibika utarudishiwa kilichoandikwa tu.

Zuhura_T: Mimi nalipia kwa simu. Kabla ya kuweka namba ya siri, angalia jina linalotokea. Likija jina la mtu binafsi badala ya kampuni, ghairi. Pia, ujumbe wa kukatwa pesa si tiketi. Msimu huu mfumo huelemewa, pesa inakatwa huku kiti kimeshaachiwa mwingine. Usipopata ujumbe wenye namba ya kiti, piga kampuni siku hiyohiyo ukiwa na namba ya muamala.

Baba_Junior: Na zile Kosta za kwenda Bukoba zipo?

Zuhura_T: Hapa ni Moshi, ndugu. Ila kwa Kosta yoyote, mwisho wa mwaka LATRA hutoa vibali vya muda. Omba kukiona cha njia hiyo kabla ya kulipa.

Mchagga_Tabata: Na ya kurudi Januari, nikate hukohuko Dar?

Kondakta_Mstaafu: Kata, viti vya kurudi huisha haraka.

Zuhura_T: Mimi ningesubiri. Tarehe ikibadilika, kampuni nyingine zinakukata sehemu ya nauli. Uliza masharti hayo kwanza.