Kadi ya nembo mbili: mbona ada zangu zimepanda badala ya kushuka?

Kutoka: Mama Rehema (Footscray, ila nipo Mombasa mpaka mwisho wa mwezi)

Assalaam aleikum nyote.

Nimekaa barazani kwa mama hapa Mji wa Kale, upepo wa bahari unavuma, nilitaraji kupumzika. Mwanangu kanitumia kwa simu hesabu ya mashine ya kadi ya duka, na raha yote imeniisha.

Miezi mitatu nyuma kijana wa kampuni ya mashine alinipigia, akanishauri niwashe hiyo wanayoiita LCR. Kwamba kadi za debiti zenye nembo mbili, mteja akigusisha, malipo yapitie eftpos, mtandao wa debiti wa Australia yenyewe, badala ya Visa au Mastercard, nami nitaokoa pesa. Nikamwambia washa. Sasa ada za debiti zimepanda! Wateja ni wale wale, bei sijagusa. Duka langu mnalijua: mbele chai, mahamri na sambusa, nyuma mchele, unga na viungo. Je, nimeibiwa au ni mimi sijaelewa?

Kutoka: Omar, Perth

Waaleikum salaam Mama Rehema. Hujaibiwa, umedanganywa. Kadi ikigusishwa inakwenda Visa au Mastercard, basi. Eftpos unaipata mteja akiichomeka kadi na kubonyeza SAV au CHQ. Mimi niliuza simu na chaji hapa miaka, najua. Andika karatasi, bandika kaunta: "Tafadhali chomeka kadi." Hiyo LCR ni maneno ya kuuzia mashine.

Kutoka: Bakari, Melbourne

Omar, ulivyosema ndivyo ilivyokuwa ulipokuwa na duka. Siku hizi sivyo, na kwa Mama Rehema shida si hiyo hata kidogo. Mimi nimefunga na kutengeneza hizi mashine muda mrefu, niacheni nieleze taratibu.

Kadi nyingi za debiti za huku zina nembo ya eftpos na nembo ya Visa au Mastercard, zote zikichota akaunti moja. Mteja akigusisha, kabla ya kingine chochote mashine inaiuliza chipu: una nini humo? Chipu inajibu kwa orodha ya majina, na kila jina lina namba ya zamu. Zamu hiyo imewekwa na benki iliyotoa kadi, na benki nyingi ziliweka Visa au Mastercard ya kwanza. Mashine isiyoambiwa lolote inachukua namba moja. Ndiyo maana Omar aliona kila mguso unakwenda huko. Mteja akichomeka kadi mashine humuuliza anataka ipi, lakini kwa kugusisha haulizwi mtu, na watu wote wamehamia kugusisha. Wenye maduka wakajikuta wanalipia mtandao ambao hawakuuchagua wao wala mteja.

LCR ni amri tu ndani ya mashine: soma orodha ile ile, lakini zamu ya benki iache, fuata yangu. Pesa inatoka akaunti ile ile, mteja haoni tofauti. Ukitaka kujua malipo yamepita wapi usiangalie nembo iliyochapwa kwenye plastiki. Angalia risiti, pale kwenye herufi AID:

```
A0000000031010   Visa
A0000000041010   Mastercard
A00000038410     eftpos SAV
A00000038420     eftpos CHQ
```

Sasa Mama Rehema, nina maswali mawili. Katika hesabu yako eftpos wanakutoza kwa senti kila malipo, au kwa asilimia? Na Visa je? Halafu mwambie kijana akutenganishie malipo ya chai na malipo ya mchele, mangapi mangapi.

Kutoka: Zuhura, Sydney

Kaka Bakari, samahani nadandia. Mimi nina saluni, kampuni yangu wananitoza asilimia 1.6 kwa kadi yoyote iwayo. Nami niwashe hiyo LCR?

Kutoka: Bakari, Melbourne

Zuhura dada, ukiwasha kwako hutaona hata senti. Wewe unalipa bei moja kwa kadi zote, kwa hiyo malipo yakipita njia ya rahisi, anayefaidi ni kampuni, wewe bado 1.6 yako ipo pale pale. LCR humsaidia mwenye mkataba unaomtoza gharama ya kila mtandao kivyake. Kwanza waulize bei ya mkataba wa namna hiyo, ukiona inakufaa ndipo tuzungumze.

Kutoka: Salim, Hamburg

Jamani, mimi nina kesi yangu. Benki yangu huku ilinipa kadi ya debiti ya Visa peke yake, haina girocard, mtandao wa debiti wa Kijerumani. Nikaenda duka la mikate, mashine ikakataa, nyuma yangu foleni, aibu tupu. Muuzaji akaniambia wao wanapokea girocard tu, Visa ghali. Mke wangu ana kadi yenye zote mbili, girocard na Mastercard ya debiti (zamani ilikuwa Maestro, lakini tangu Julai 2023 benki za Ulaya hazitoi tena kadi mpya za Maestro), yake ikapita bila neno.

Ila nauliza. Huku sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 2015/751, inasema mwenye duka anaweza kutanguliza mtandao anaoutaka yeye, lakini hana ruhusa ya kumzuia mteja kuubadilisha palepale kwenye mashine. Huko Australia mteja ana haki hiyo?

Kutoka: Mama Rehema

Salim pole, lakini tusitoke nje ya duka langu kwanza!

Bakari, mwanangu kahesabu. Haya ni ya mwezi mmoja, kadi za plastiki za nembo mbili tu, simu kaziacha. Chai na vitafunio: malipo 2,600, wastani dola 6. Mchele, unga na viungo: malipo 380, wastani dola 70. Eftpos wananitoza senti 9 kila malipo, liwe kubwa liwe dogo. Debiti ya Visa na Mastercard, asilimia 0.45.

Kutoka: Bakari, Melbourne

Basi jibu umejipa mwenyewe, bibie.

Chai ya dola 6 ikipita Visa, asilimia 0.45 ni senti 2.7. Ikipita eftpos ni senti 9. Umewasha LCR kwa malipo yote, kwa hiyo kila andazi na chai sasa unalipia zaidi ya mara tatu. Mchele wa dola 70 ni kinyume: Visa inakula senti 31.5, eftpos senti 9 zile zile.

Tuzidishe. Zamani, vyote vikipita Visa na Mastercard, vitafunio vilikugharimu dola 70.20 na mchele dola 119.70, jumla 189.90. Sasa vyote vikipita eftpos, mchele umeshuka hadi dola 34.20, lakini vitafunio vimeruka hadi dola 234. Jumla 268.20. Umeongezewa dola 78.30 kwa mwezi, na yule kijana hakukudanganya, ila alikupa dawa ya duka la mchele na wewe duka lako nusu ni mkahawa.

Unachotaka ni mpaka. Senti 9 ni asilimia 0.45 ya dola 20. Chini ya dola 20 mashine ifuate Visa au Mastercard, kuanzia 20 ifuate eftpos. Hapo vitafunio vinarudi 70.20, mchele unabaki 34.20, jumla dola 104.40.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, si kila mashine inakubali mpaka wa kiasi, nyingine zina kuwasha na kuzima tu. Kama yako ni ya namna hiyo, kwa hesabu hizi ni afadhali uzime kabisa kuliko ilivyo sasa. Pili, kiasi lazima kiingizwe kabla ya mguso, maana mashine inachagua mtandao pale kadi inapotaja orodha yake. Na mkataba wa senti 9 si wa watu wote, kwa hiyo hizi dola 20 ni zako wewe, mwingine asizinakili.

Salim, huku mteja akichomeka kadi anachagua mwenyewe. Akigusisha haulizwi.

Kutoka: Omar, Perth

Sawa, nimekubali kuhusu mguso, yaishe. Lakini mimi kama mteja sipendi. Nikinunua kitu kikawa kibovu nataka malipo yawe yamepita Visa, kudai kurudishiwa kunajulikana. Mwenye duka ananichagulia njia ili aokoe senti ishirini, na mimi ndiye nitakayehangaika?

Kutoka: Bakari, Melbourne

Hapo siwezi kukupinga moja kwa moja. Taratibu za kudai hazifanani mtandao kwa mtandao. Kitu cha bei kubwa mimi mwenyewe nachomeka kadi nikabonyeza CR, hiyo inakwenda Visa au Mastercard. Mchele kilo kumi sijisumbui.

Kutoka: Mzee Athumani, Likoni

Wanangu nawasoma. Mwaka jana nilipokuja kwa binti yangu Melbourne niligusisha kadi yangu ya huku nyumbani dukani, baadaye naona nimekatwa zaidi ya bei. Ndiyo hiyo LCR?

Kutoka: Bakari, Melbourne

Shikamoo mzee. Hapana, hiyo ni jambo jingine. Kadi yako ya Kenya haina eftpos ndani yake, mashine ikiuliza inatajiwa jina moja tu, hakuna cha kuchagua. Kukatwa zaidi mara nyingi kunatokana na kubadilisha dola kuwa shilingi na ada ya benki yako. Binti akuonyeshe stetimenti ya siku ile, kwa kawaida vinaonekana humo.

Kutoka: Mama Rehema

Nimepiga simu kutoka hapa hapa barazani, mama ananikodolea macho kwa bei ya dakika. Mashine yetu inakubali mpaka. Wameweka dola 20 jana.

Mwanangu kanitumia picha za risiti za asubuhi. Chai na mahamri mawili, dola 7.50: AID `A0000000031010`. Mchele na samli, dola 58: `A00000038410`. Nilicheka peke yangu.

Lakini risiti ya tatu ni dola 61, na imepita Visa. Nikamuuliza, akasema yule mteja aligusisha kwa simu.

Kutoka: Bakari, Melbourne

Simu ina mambo yake. Kadi ikiwa ndani ya simu, ni simu inayotaja mtandao upi uje mbele, na mashine haipati orodha kama inayoipata kwenye plastiki. Benki Kuu ya Australia iliwataka wahusika wawe na LCR ya simu tayari kufikia mwisho wa 2024, lakini kwa kila duka inategemea kampuni ya mashine, benki ya mteja na aina ya simu, vyote vitatu. Waulize kampuni yako: "LCR yenu inafanya kazi kwa malipo ya simu, na kwa kadi za benki zipi?" Wakikujibu "ndiyo" bila kutaja benki, uliza tena. Na kijana atenge risiti za simu za zaidi ya dola 20 kwa wiki moja, tuone ni ngapi.

Kutoka: Mama Rehema

Nimemwambia. Kasema wateja wa simu ni karibu nusu siku hizi. Nusu, Bakari!