Mjadala: Sura iliyohamishwa kwenye picha ya harusi, ngozi ya plastiki, na haki ya mteja kuambiwa

Kaka wa bibi harusi, Morogoro
Wadau, naomba msaada. Kwenye picha ya familia ya harusi ya dada yangu, yenye watu kumi na wanne, mama yetu alifumba macho. Mpiga picha akachukua kichwa cha mama kutoka picha nyingine ya pale pale akakipandikiza, wala hakutuambia. Kwenye simu hatukuona kitu. Tumechapa sentimita 60 kwa 90 tuitundike sebuleni, na mama peke yake anaonekana kama mdoli wa plastiki katikati ya watu. Je, ni halali kufanya hivi kimyakimya? Na kama ni halali, ngozi ilipaswa kufanywaje isijulikane?

Mpiga picha wa harusi, Arusha
Pole, kaka, lakini mwenzetu hajafanya kosa kubadilisha kichwa. Ukiwa na watu kumi na wanne mstarini, lazima mmoja afumbe macho, mwingine atazame pembeni. Ndiyo maana tunapiga picha nyingi mfululizo. Mteja analipia picha nzuri, halipii maelezo ya jinsi ilivyopatikana. Kosa lake ni kulainisha kwa brashi ya ukungu. Angetenganisha rangi na umbile la ngozi kwenye leya mbili za programu ya kuhariri, aweke `Gaussian Blur` ya pikseli 10 kwenye leya ya chini, asawazishe rangi huko, umbile libaki juu. Hakuna plastiki hapo.

Mhariri wa picha za gazeti, Nairobi
Mimi napinga hapo kwenye "halipii maelezo". Machi 2024 mashirika ya habari na picha ya AP, AFP, Reuters na Getty yaliiondoa picha ya Binti Mfalme wa Wales na watoto wake iliyotolewa na kasri. AP ilionyesha kwamba mkono wa kushoto wa binti yake haukukaa sawasawa na mkono wa sweta. Kesho yake mwenyewe akakiri kwamba alikuwa ameihariri. Ilikuwa picha ya familia tu, ya Siku ya Mama huko Uingereza, lakini watu walianza kutilia shaka kila kitu kilichokuwemo. Kwenye dawati letu kukata pembeni na kusawazisha mwanga kunaruhusiwa. Kuongeza au kutoa kitu ndani ya picha hakuruhusiwi hata kidogo, na kichwa ni kitu.

Dada wa Kigamboni
Hili la studio linaniuma. Nilipiga picha ya pasipoti, kijana wa studio akanisafisha uso mpaka kovu langu la shavuni likatoweka na rangi ikawa ya mtu mwingine. Picha ikakataliwa, nikalipia tena. Kwa nini mtu aguse ngozi ya mwenzake bila kumuuliza? Wangepigwa marufuku wote.

Mhariri wa picha za gazeti, Nairobi
Dada, la pasipoti lina kanuni zake, pale uso haupaswi kuguswa kabisa kwa sababu unatumika kukutambulisha. Hapa ndugu anaulizia picha ya ukutani. Ila swali lako la kuulizwa kwanza linahusu zote mbili.

Fundi wa kurekebisha na kuchapa picha, Mombasa
Nimekaa na kazi za namna hii miaka mingi, hasa zinazoletwa kuchapwa kubwa. Kaka, naomba unijibu mawili. Kamera ilikuwa ISO ngapi, yaani ule usikivu wake kwa mwanga? Na kichwa cha mama kwenye picha aliyokitoa kilikuwa na ukubwa uleule, au alikivuta?

Kaka wa bibi harusi, Morogoro
Shikamoo, mzee. Nimemuuliza, amekuwa muungwana, amenitumia mafaili yote mawili. Ilikuwa ndani ya ukumbi, ISO 3200, picha ya megapikseli 24. Kwenye picha ya pili mama alikuwa amerudi nyuma hatua moja, kwa hiyo alikikuza kichwa kidogo, amesema kama asilimia 15.

Fundi wa kurekebisha na kuchapa picha, Mombasa
Marahaba. Sasa tumepata chanzo, na brashi ya ukungu ni sehemu tu ya tatizo.

Kwa ISO 3200 ndani ya ukumbi, picha nzima imejaa chembechembe. Zipo kwenye ukuta, kwenye shati la mjomba, kwenye mashavu ya kila mtu. Jicho halizioni moja moja, lakini linajua zimeenea kila mahali. Mpiga picha wenu alipolainisha uso wa mama alizifuta pale tu. Ukitazama chapa kubwa, jicho linakuta kipande kimoja kisicho na chembechembe na linakikataa kabla hujajua kwa nini. Mnachokiita plastiki ni tofauti hiyo na majirani zake. Uso uleule ungekuwa peke yake kwenye picha ya studio, pengine msingesema neno.

Halafu akakikuza. Asilimia 15 inaonekana ndogo, ila kompyuta inabuni pikseli za katikati, vinyweleo vinapoteza ukali na chembechembe zilizobaki zinakuwa nene kuliko za jirani. Mimi nikiwa na picha mbili za kuchagua, nachukua ile ambayo kichwa ni kikubwa nikipunguze, hata kama tabasamu lake ni la pili kwa uzuri.

Ndugu wa Arusha yuko sahihi kutenganisha rangi na umbile, ila ile 10 ni ya sura iliyopigwa karibu, inayojaza fremu. Kwenye picha hii yenye upana wa pikseli 6000 na watu kumi na wanne, uso wa mama hauzidi pikseli 300 hivi. Ukiweka 10, leya ya juu haibebi vinyweleo peke yake, inabeba hadi mikunjo ya macho na kivuli cha pua. Ukianza kusafisha huko unafuta sura yenyewe. Kwa uso wa ukubwa huo naanza na 2, napandisha polepole, na nasimama pale vinyweleo vinapopotea kwenye leya ya chini huku umbo la pua likibaki.

Mpiga picha wa harusi, Arusha
Sawa mzee, kwenye 10 nimekuelewa. Lakini wateja wangu wanaomba ngozi laini. Nikiwaachia chembechembe wanasema picha chafu.

Fundi wa kurekebisha na kuchapa picha, Mombasa
Basi wape wote ulaini uleule. Punguza chembechembe kwenye picha nzima, kwa kiwango kimoja, kabla hujahamisha kichwa. Shida inaanza mmoja anapokuwa laini na wengine kumi na watatu wakabaki walivyo.

Niseme na jambo la ngozi zetu, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yanafanywa kwenye ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo la uso kwa mng'ao: juu ya paji, kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua. Ukichungulia ndani ya mng'ao huo kwa asilimia 200 utaona umevunjikavunjika kwa vinyweleo, vijitone vidogo vya mwanga na giza. Mhariri anauona kama jasho, anaupaka rangi ya shavu. Papo hapo uso unakuwa bapa na wenye majivu. Au anauacha lakini anaulainisha kingo, unageuka doa jeupe linaloteleza kama nta. Nimeitazama picha ya mama yako, yeye amepatwa na hili la pili, pajini.

Nilivyoirekebisha: nimefungua mafaili yote mawili ya RAW, ghafi kama yalivyotoka kwenye kamera, upya kwa mipangilio ileile ya ukali na ya kupunguza chembechembe. Nimeomba fremu nyingine, yaani picha nyingine ya mfululizo uleule, na kwa bahati ipo moja ambayo mama hakurudi nyuma na macho yako wazi, kwa hiyo sikukuza kitu. Mpaka wa maski, pale kichwa kipya kinapoungana na picha, nimeupitisha chini ya kidevu na kwenye ukingo wa mtandio. Mpiga picha wenu alikuwa ameukata katikati ya shingo, mahali ngozi iko wazi na kila tofauti inaonekana. Rangi nimeisawazisha kwa `Curves` kwenye kichwa peke yake, maana taa ya ukumbi ilimpiga zaidi kwenye fremu hii. Pajini nimepunguza mwangaza wa mng'ao kidogo, bila kugusa vinyweleo vilivyomo. Makovu na mikunjo yake sijagusa, watoto wake wanaijua sura yake.

Mwisho, pale niliposafisha, nimerudisha chembechembe. Leya mpya ya kijivu cha asilimia 50, hali ya `Overlay`, kisha `Add Noise` aina ya `Gaussian` na alama kwenye `Monochromatic`. Kwa picha hii 4 imetosha. Halafu ukungu wa 0.4 juu yake, kwa sababu chembechembe za kamera si kali kama zile za programu. Angalizo moja: `Overlay` inazififisha kwenye giza, wakati kamera inazo nyingi zaidi hukohuko. Kwa hiyo chini ya taya nimeongeza leya ya pili iliyofungiwa kwa maski. Ukipima, linganisha na shavu la jirani mwenye rangi ya ngozi inayokaribiana, usiishie kulinganisha na ukuta tu.

Kaka wa bibi harusi, Morogoro
Mzee, nimeiona. Ni mama. Mbona kwenye simu picha zote mbili, ya zamani na yako, zinafanana?

Fundi wa kurekebisha na kuchapa picha, Mombasa
Kwa sababu WhatsApp inaipunguza picha na kuibana, chembechembe za watu wote zinafutika pamoja, mama anafanana na wenzake. Mwenzetu alipima kwenye simu akaridhika. Kwa ukubwa wa sentimita 90, uso wake una upana wa sentimita nne na nusu. Chapa kipande hicho tu kwenye karatasi ndogo, kwa ukubwa halisi, kabla ya kulipia chapa nzima.

Mhariri wa picha za gazeti, Nairobi
Kazi nzuri, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapozidi. Plastiki ndiyo iliyoifichua hii. Bila plastiki, mjukuu wa mama ataiweka picha hii mezani miaka 40 ijayo na kuamini kwamba wote kumi na wanne walitazama kamera kwa pamoja. Norwei tangu Julai 2022 inataka tangazo lenye mwili au ngozi iliyorekebishwa liwekwe alama. Ni sheria ya matangazo, najua, lakini fikra yake naipenda.

Mpiga picha wa harusi, Arusha
Mama alikuwepo, kaka. Alisimama palepale, kwa nguo ileile, sekunde chache tofauti. Tangazo linauza krimu. Kuna uongo gani hapa?

Fundi wa kurekebisha na kuchapa picha, Mombasa
Mimi naweka mpaka kwenye kuwepo. Sura ya mtu yuleyule, tukio lilelile, nafanya. Waliniletea picha ya baba aliyefariki kabla ya harusi ili nimsimamishe kati ya maharusi. Nilikubali kwa sharti waandike nyuma ya fremu, wakakataa, sikuifanya.

Dada wa Kigamboni
Mzee, hapo umesema vizuri, lakini bado mama mwenyewe hajaulizwa. Mmeongea na mtoto wake na mpiga picha. Pengine yeye anaitaka ile aliyofumba macho.

Kaka wa bibi harusi, Morogoro
Kweli, dada, sijamuuliza. Yuko Kilosa kwa mdogo wangu, anarudi Jumapili. Nitamwekea zote tatu mezani.

Mpiga picha wa harusi, Arusha
Na akichagua ile laini ya plastiki? Mimi nimeshaona wamama wakiichagua.

Mhariri wa picha za gazeti, Nairobi
Basi ni picha yake, ataitundika. Ninachotaka mimi ni kwamba faili la asili msilifute, na kwenye mkataba wako uandike mstari mmoja kwamba sura zinaweza kuhamishwa kati ya fremu.

Mpiga picha wa harusi, Arusha
Mafaili ninayatunza mwaka mmoja, diski ni ghali. Mstari wa mkataba nitaufikiria, sijakubali bado.