Mada: Potifolio ya PDF imerudishwa, wanaona ukurasa mmoja tu

Zuhura:
Habari zenu ndugu. Mfumo wa kuombea kibali unapokea faili moja tu la PDF, lisilozidi megabaiti 10. Nyaraka ziko sita: barua kurasa 2, cheti ukurasa 1, tafsiri ya cheti kurasa 2, taarifa za benki kurasa 9, mkataba wa kazi uliosainiwa kidijitali kurasa 4, na jedwali la Excel lenye orodha ya makazi. Zote zimefungwa pamoja kwa Acrobat kama `PDF Portfolio`, jumla megabaiti 7. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kinafunguka. Jibu la ofisini: faili lina ukurasa mmoja na halina vielelezo. Vimeenda wapi?

Baba Rehema:
Pole dada. Hapo tatizo ni ukubwa. Faili likiambatishwa kwenye baruapepe huongezeka kama theluthi moja, kwa hiyo megabaiti 7 zako zinafika zikiwa zaidi ya 9, na baadhi ya seva hukata. Tuma mara mbili.

Zuhura:
Asante Baba Rehema, lakini si baruapepe. Ni kupakia kwenye tovuti yao, na faili limepokelewa zima.

Kelvin:
Achana na potifolio, siku hizi hata simu hazizisomi. Fungua kila waraka, uchape kwa `Microsoft Print to PDF`, kisha uunganishe zote ziwe kurasa mfululizo. Excel nayo hivyo hivyo. Hazitapotea tena.

Bi Mwanaidi:
Zuhura, hakuna kilichopotea. Potifolio ni begi: ndani mna mafaili sita yakiwa yamekaa kila moja kivyake, na juu yake Acrobat imeweka ukurasa mmoja wa jalada. Programu isiyojua kufungua begi inaonyesha jalada tu. Angalia maneno yaliyo kwenye ukurasa waliouona. Kama yanaanza na `For the best experience, open this PDF portfolio in...` basi jibu unalo. Mfumo wao unahesabu kurasa, na kurasa ni moja. Hata wakichapa karatasi, hiyo moja ndiyo itatoka.

Kuambatisha faili ndani ya PDF ya kawaida ni jambo la jirani. Kurasa zako zinaonekana kama kawaida, kiambatisho kinakaa pembeni penye alama ya kibanio. Acrobat na Firefox wanakionyesha, programu nyingi za simu hazikionyeshi wala hazisemi kwamba kipo. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: chochote ambacho mtu lazima akisome kiwe ukurasa. Kiambatisho kiwe cha ziada, kwa atakayetaka kuhakiki.

Kelvin yuko sahihi kuhusu kuunganisha, ila mkataba usiuchape upya hata kidogo. Saini ya kidijitali imekokotolewa juu ya baiti za faili lile lile. Ukilichapa upya au ukinakili kurasa zake kwenye faili jingine, unabaki na picha ya saini isiyo na kitu nyuma yake. Kwa macho iko sawasawa. Anayeihakiki haoni saini yoyote halali. Na hata kwa nyaraka nyingine sioni sababu ya kuchapa upya kitu ambacho tayari ni PDF. Mara nyingi unapoteza viungo na alamisho, wakati mwingine maandishi yanageuka picha na faili linanenepa.

Kelvin:
Hilo la saini sikulifikiria. Sasa mkataba aufanyeje, na nafasi ni ya faili moja?

Bi Mwanaidi:
Auweke mara mbili. Nakala ya kusomwa iingie kwenye mfululizo wa kurasa, na faili asilia liambatishwe ndani bila kuguswa. Mimi natumia qpdf, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri. Kwanza Excel ihifadhiwe kama PDF kutoka humo humo ndani ya Excel, tuseme imetoa ukurasa 1. Kisha:

```
qpdf --empty --pages barua.pdf cheti.pdf tafsiri.pdf benki.pdf mkataba.pdf makazi.pdf -- kurasa.pdf
qpdf kurasa.pdf --add-attachment mkataba.pdf -- bunda.pdf
qpdf --list-attachments bunda.pdf
```

Amri ya kwanza inatoa kurasa 19. Ya pili inatia mkataba asilia ndani. Ya tatu inakuorodheshea kilichomo. Usipoona `mkataba.pdf` hapo, usipakie.

Mpangilio una maana. Saini iwe kwenye faili linaloingizwa ndani, isiwe kwenye faili la nje. Ukifanya kinyume, yaani ukachukua mkataba uliosainiwa ukauambatishia cheti, qpdf italiandika faili lote upya na saini itavunjika.

Kwenye barua ongeza sentensi moja: kurasa 15 hadi 18 ni nakala ya mkataba, faili asilia lenye saini limeambatishwa ndani ya PDF hii kwa jina `mkataba.pdf`. Bila sentensi hiyo hakuna atakayebofya kibanio.

Zuhura:
Amri ya kwanza imekataa. Inasema `invalid password` kwenye benki.pdf.

Bi Mwanaidi:
Taarifa za benki nyingi huja na nywila. Ifungue kwanza, kisha tumia `benki2.pdf` mahali pa ile ya zamani:

```
qpdf --password=NYWILA --decrypt benki.pdf benki2.pdf
```

Na ni vizuri imekataa mapema. Ndani ya potifolio faili lenye nywila huingia kimya kimya, halafu mpokeaji ndiye anayegonga mlango uliofungwa.

Zuhura:
Imekubali. Kurasa 19, megabaiti 8, mkataba umo kwenye orodha. Nitajuaje kwamba saini imebaki nzima?

Bi Mwanaidi:
Utoe tena, ulinganishe na asilia:

```
qpdf bunda.pdf --show-attachment=mkataba.pdf > toleo.pdf
sha256sum mkataba.pdf toleo.pdf
```

Mistari miwili ya tarakimu ikifanana, ni faili lile lile, baiti kwa baiti. Halafu fungua `bunda.pdf` kwenye simu. Kile simu inachokuonyesha, chukulia ndicho ofisa atakachokiona.

Baba Rehema:
Naomba kuuliza hapo hapo. Mimi huweka nyaraka zangu zote kwenye faili la zip, kisha naliambatisha zip hilo ndani ya PDF. Kuna ubaya?

Bi Mwanaidi:
Upo, kaka. Acrobat inakubali kuliingiza lakini kwa mpangilio wake wa kawaida inakataa kulifungua kutoka ndani ya PDF, sawa na inavyokataa exe. Mpokeaji ataliona jina tu.

Hamisi:
Niongeze neno. Kuna mifumo inayoitengeneza PDF upya inapoipokea, na viambatisho vyote huondolewa njiani. Mingine huzuia PDF yenye kiambatisho kwa kuogopa virusi. Na wakitaka PDF/A, yaani PDF ya kuhifadhi kumbukumbu kwa muda mrefu, kwenye PDF/A-1 kiambatisho hakiruhusiwi kabisa. PDF/A-2 inaruhusu PDF/A peke yake. PDF/A-3 ndiyo inayopokea aina yoyote. Mimi ningepakia kurasa 19 bila kiambatisho, mkataba asilia nikaupeleka wakiuomba.

Bi Mwanaidi:
Hamisi, kurasa zikisalia hata kiambatisho kikiondolewa, hasara iko wapi? Ila hilo la kuzuiwa faili zima, sina la kukubishia.

Zuhura:
Nimewaandikia kuwauliza kama wanapokea PDF yenye kiambatisho. Mafaili yote mawili yapo tayari, `kurasa.pdf` na `bunda.pdf`. Nasubiri jibu lao kabla ya kupakia.