Tupeane uzoefu: makato ya dakika za kuchelewa kazini, na kiwango cha saa kinachotumika kuyakokotoa

Karani wa Namanve
Ndugu zangu, ninashughulikia mishahara katika kiwanda kimoja hapa Namanve, na uongozi umeniagiza kwamba kuanzia mwezi ujao wafanyakazi wanaolipwa kwa mwezi wakatwe kwa kila dakika wanayochelewa. Linalonisumbua ni kiwango cha saa, kwa kuwa mkataba umetaja mshahara wa mwezi tu na kiwango hicho ni lazima nikitafute mwenyewe. Mimi nimependekeza hivi: mkataba wetu ni wa saa 48 kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha kawaida katika Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006. Saa 48 mara wiki 52, kisha gawa kwa miezi 12, unapata saa 208 kwa mwezi. Mwenye mshahara wa shilingi 624,000 anakuwa na 3,000 kwa saa, yaani 50 kwa dakika, na akichelewa dakika 17 anakatwa 850. Meneja wangu anataka tugawe kwa 176 kwa sababu ndivyo programu ya mishahara ilivyoletwa ikiwa imepangwa. Naomba wenye uzoefu waeleze kwao inafanyikaje, na ni wapi ilipoleta ugomvi.

Mwalimu wa Mbale
Katika shule binafsi niliyofundisha zamani tuligawa mshahara kwa siku 30, kisha kwa saa 8, basi. Kwa mtu wako ni 2,600 kwa saa, na mfanyakazi anaumia kidogo kuliko katika hesabu yako. Sioni kwa nini mtu ahangaike na wiki 52 wakati mwezi una siku zake.

Mhasibu wa Jinja
Mwalimu, hesabu yako inampendelea mfanyakazi siku anayochelewa na kumgeuka siku anayobaki jioni. Kiwango cha saa ni kimoja, na kinatumika pia kulipia muda wa ziada, ambao kwa sheria yetu haupungui mara moja na nusu ya kawaida, na mara mbili katika sikukuu za kitaifa. Kwa 2,600 saa moja ya ziada ni 3,900, ilhali kwa 3,000 ni 4,500. Nimewahi kukagua vitabu vya mwajiri aliyekuwa akitumia 176 kwa makato na 240 kwa muda wa ziada, zote mbili katika jedwali moja la Excel, na hakuna aliyegundua hadi mfanyakazi mmoja alipokaa na kikokotoo.

Kuhusu 176, hizo ni siku 22 za saa 8, yaani ofisi inayofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa. Watu wako wanaingia Jumamosi pia. Ukigawa kwa 176, saa moja inakuwa takriban 3,545, na mtu ambaye angekosa saa zote 208 za mwezi angedaiwa zaidi ya 737,000 katika mshahara wa 624,000. Mwonyeshe meneja wako hesabu hiyo moja tu. Ataelewa kwamba kigawanyo hakichaguliwi na programu, kinatoka katika saa zilizoandikwa mkatabani.

Kijana wa Bweyogerere
Mimi niko kwenye ujenzi na ninalipwa kwa siku. Ukifika saa mbili na dakika ishirini, msimamizi anakuandikia nusu siku, na bado unafanya kazi mpaka jioni. Je, hizo saa 208 zinanihusu?

Mhasibu wa Jinja
Hazikuhusu, ndugu yangu, kwa kuwa wewe tayari una kiwango cha siku: kigawe kwa saa za siku hiyo na utaijua dakika yako. Ila kukatwa saa nne kwa kuchelewa dakika ishirini, halafu ukafanya kazi saa zote zilizobaki, hiyo ni kazi uliyoifanya bila kulipwa, na afisa wa kazi wa wilaya anapaswa kuisikia.

Mzee wa Tororo
Nilikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kabla ya kustaafu, na msimamo wetu ulikuwa kwamba mwajiri hana ruhusa ya kukata hata shilingi kwa kuchelewa. Sheria imetaja makato yanayoruhusiwa, na adhabu za kinidhamu ilizozitaja ni kama onyo la maandishi, karipio, kusimamishwa na kufukuzwa. Faini haimo. Mtu akichelewa, mwandikie barua.

Mhasibu wa Jinja
Mzee wangu, kuhusu faini niko pamoja nawe kabisa. Ninapotofautiana nawe kwa heshima ni kwamba dakika ambayo haikufanyiwa kazi si lazima ihesabiwe kuwa adhabu, mradi mkataba au kanuni iliyosainiwa inasema hivyo na kinachoondolewa ni malipo ya dakika zile zile. Zikizungushwa kwenda juu hadi nusu saa, dakika 17 zinageuka 1,500 badala ya 850, na zile 650 za ziada ni faini, hata ukiziita jina gani.

Mzee wa Tororo
Na asiye na kanuni iliyosainiwa? Wengi wenu mnaokata hamna karatasi hiyo. Sijashawishika.

Mama wa Malaba
Kwetu katika ofisi ya uwakala wa forodha ugomvi haukuwa wa kigawanyo, ulikuwa wa mashine ya alama za vidole. Iko moja tu langoni. Watu wanashuka kwenye bodaboda kwa pamoja, wenye mikono yenye vumbi wanarudia mara tatu, na wa mwisho kwenye foleni anaandikiwa saa mbili na dakika tisa ingawa aliingia getini kabla ya saa mbili. Zaidi ya hayo, umeme ulipokatika saa ya mashine ilikuwa ikisogea, na siku moja tulipoilinganisha na simu zetu ilikuwa mbele kwa dakika sita. Tulidai dakika kumi za kwanza zisihesabiwe, tukapewa, na malalamiko yakapungua sana.

Mhasibu wa Jinja
Dada, hilo ni la msingi. Muhimu ni kuandika kama anayefika dakika ya kumi na moja anakatwa moja au kumi na moja, maana nimeona zote mbili.

Karani, yako mawili usiyoyataja. Kwanza, jumla ya saa 2 na dakika 10 usiiandike 2.10 ukaizidisha na 3,000, utapata 6,300 wakati sahihi ni dakika 130, yaani 6,500. Ikiwa muda uko kwenye seli kama 2:10, andika:

```
=A2*24*3000
```

Pili, ondoa 6,500 kwenye mshahara ghafi, kabla ya PAYE na NSSF. Kwa viwango vya mwaka 2025, ghafi ya 617,500 ina PAYE ya 87,250 na NSSF ya 30,875, na mkononi zinabaki 499,375. Ukikata kwanza PAYE na NSSF kwenye 624,000 nzima ndipo uondoe 6,500 mwishoni, anabakiwa na 497,100. Amelipia kodi na akiba fedha ambazo hakupewa.

Karani wa Namanve
Programu yetu inaondoa mwishoni, nimeitazama sasa hivi, na safu yenyewe imeandikwa "mengineyo" kwenye hati ya mshahara. Nitaomba iandikwe kwa dakika na kiwango chake. Swali la Mzee bado liko mezani kwangu, kwa sababu madereva wetu wana mikataba ya zamani isiyotaja kuchelewa hata kidogo. Kuna aliyewahi kulifikisha kwa afisa wa kazi?