Msaada: sweta la sufu limerudi, linaweza kuvutika tena?

MamaTeddy: Wapendwa, sweta la sufu la mume wangu limerudi baada ya kufuliwa. Kifua kilikuwa sentimita 56, sasa 47. Analitaka Jumamosi. Nifanyeje?

FundiCherehani: Pole. Lilifuliwaje, na lilikaushwa wapi?

MamaTeddy: Lilifuliwa kawaida tu.

Kaka_Uyole: Loweka kwenye siki usiku kucha. Nyuzi zitalegea zenyewe.

BintiIlala: Fulana yangu ya pamba imepanda mpaka kitovuni. Nayo siki?

FundiCherehani: Hapana, msichanganye. Pamba hufumwa na kunyooshwa kiwandani ikiwa imevutwa. Ikilowa, uzi unavimba, mvuto unaachia, na kitambaa kinarudi kweli, yaani kwenye kipimo chake chenyewe. Huko ndiko kulegea. Ivute ikiwa mbichi, ianike imelala. Itarefuka, ila ukiifua tena itarudi tena.

Sufu ni habari nyingine. Kila unywele una magamba kama ya samaki, yote yameelekea ncha. Maji moto na sabuni kali huyainua, na nguo ikisukwasukwa nywele husogea upande mmoja na kunasana. Siki inaondoa ukali wa sabuni, haifungui kilichonasana. MamaTeddy, ni mashine?

MamaTeddy: Haya. Mashine ya dobi, nyuzi joto 60, kisha mashine ya kukaushia. Lakini nguo nyingine zilitoka salama! Nimeshaamua kulipiga pasi ya moto huku mdogo wangu akilivuta.

Mzee_Kijiwe: Hadithi ya kutunga hii. Nani anavaa sufu kwenye joto la Dar? Na lebo hujaitaja.

MamaTeddy: Nani kasema Dar? Niko Njombe, mzee wangu, asubuhi hapa mikono inakufa ganzi. Lebo inasema sufu 80, nailoni 20.

Mzee_Kijiwe: Njombe nakubali. Ila mwanzo ulificha mashine.

FundiCherehani: Pasi acha, itaunguza sufu na magamba yatabaki yamenasana. Tia vijiko vikubwa viwili vya kondishena ya nywele kwenye lita 5 za maji vuguvugu, loweka dakika 30. Utelezi wake ndio unaosaidia nywele kupishana. Usikamue, viringisha kwenye taulo, ukandamize. Kisha lilaze kwenye taulo kavu, vuta kidogo kidogo pande zote, bana kwa pini, na kila baada ya saa moja vuta tena. Usitegemee 56.

Kabla ya hayo, liinue dirishani. Panapopenya mwanga kati ya vitanzi, pana nafasi. Pasipopenya, pameshakuwa kama blanketi.

MamaTeddy: Mikononi mwanga unapita. Kifuani sioni kitu.

Kaka_Uyole: Siki pia ijaribiwe jamani.

FundiCherehani: Mikono itavutika. Kifua vuta taratibu, na ukisikia uzi unakatika, achia hapo hapo.

MamaTeddy: Naloweka sasa. Nitapima kesho.